Sekunde 30 za kujitambulisha kwa wanunuzi wa mahindi: bwana shamba na bibi shamba vijana, jipangeni hivi kabla ya kwenda

Tuchukue mfano mmoja tu tuende nao mpaka mwisho. Wewe ni kijana, umemaliza kilimo juzijuzi, pengine pale SUA Morogoro, unashauri wakulima wa mahindi Kongwa na Kiteto kwenye mambo ya baada ya kuvuna, sasa umealikwa Dodoma kwenye mkutano wa wafanyabiashara ambako kila mtu anapewa nusu dakika aseme yeye nani. Ukumbini kuna wenye mashine za sembe, wanunuzi wanaochukua mzigo Kibaigwa, watu wa benki, wenye malori. Nusu dakika hiyo inaandaliwa nyumbani, kwa sababu ukisimama pale bila kujipanga mdomo wenyewe utaanza kusoma CV.

Kitu cha kwanza ujue unaongea na nani, na usijaribu kuongea na wote. Uliza waandaaji mapema nani kathibitisha kuja, afu chagua mtu mmoja. Mimi ningemchagua mwenye mashine ya sembe, maana yeye ndo anaumia moja kwa moja mahindi yakija mabichi: yanamsumbua kwenye kukoboa, unga haukai, na akitaka kuuza kihalali anabanwa na viwango. Mtu wa benki akimsikia mwenye mashine anauliza swali, atakufuata mwenyewe. Ukianza na "natoa huduma za ushauri wa kilimo, mifugo, umwagiliaji na masoko" hapo hujamshika yeyote, kila mmoja anadhani unamwambia mwenzake.

Pili, beba namba moja na uwe na uwezo wa kuitetea. Kwa mahindi namba hiyo ni asilimia 13.5, ndo unyevu wa juu kabisa unaoruhusiwa na kiwango cha Afrika Mashariki. Kuna namba nyingine ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu, jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni, yaani 10 ppb, na watu wa Dodoma na Manyara hawahitaji kuelezwa sumukuvu ni nini baada ya watu kuugua na kufa kwa ajili yake 2016, ila hiyo iache kwenye maongezi ya baadae. Ukiweka namba mbili ndani ya sekunde 30 zote zinapotea.

Sasa kuitetea hiyo namba ndo kwenye kazi, na hapa vijana wengi wanakwama. Mfanyabiashara mzoefu atakuuliza palepale: kijana, ukinikaushia si unanipunguzia kilo? Na yuko sahihi kabisa, kwa hiyo fanya hesabu nyumbani kabla. Tani moja ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 ina kilo 820 za mahindi makavu na 180 za maji. Ukishusha mpaka 13.5 zile 820 hazijapungua, ila sasa ni asilimia 86.5 ya mzigo, gawanya 820 kwa 0.865 unapata kama kilo 948. Yaani zimeondoka kilo 52 za maji, kama kilo 5 kwa kila gunia la kilo 100. Mjibu hivyohivyo bila kuzunguka: ndiyo mzee, kilo 52 kwa tani zinaondoka, na ni maji ambayo ukinunua mabichi wewe ndo unayalipia kwa bei ya mahindi. Kama yeye ndo muuzaji jibu linabadilika, mwambie apige hesabu ya kilo 52 dhidi ya gharama ya lori zima kurudishwa. Akisikia umeanza kwa kukubali hasara yake ndo atakusikiliza.

Tatu, jua kitu gani hutakiahidi. Usiseme "naondoa sumukuvu" hata kama ukumbi mzima unapiga makofi. Kukausha kunazuia kuvu wasiendelee, lakini sumu ambayo imeshaingia haitoki kwa jua, na mahindi yanaweza kuonekana masafi kwa macho kumbe yanayo, hiyo mpaka ipimwe. Vilevile ile mifuko isiyopitisha hewa usiitaje kama dawa ya kila kitu, inaua wadudu kwa kuwakosesha hewa ila haikaushi, ukifungia mahindi mabichi humo yanaharibika ndani. Mwenye stoo akishawahi kudanganywa kwenye hili atakupima kwa neno moja tu ulilozidisha.

Baada ya hapo ndo uandike maneno. Kiswahili chetu maneno ni marefu, kwa mwendo wa mtu asiyekimbizwa sekunde 30 zinabeba maneno kama 55 mpaka 65, usiandike 90 afu ukategemea kuongea haraka. Ya huyu kijana wetu ningeyaweka hivi:

"Naitwa fulani, nafanya kazi na wakulima wa mahindi Kongwa na Kiteto baada ya kuvuna. Lori likirudishwa getini kwa sababu ya unyevu, shida ilianza shambani. Mimi napima kabla hujapakia, gunia lililozidi asilimia 13.5 halipandi, tunakausha kwanza. Kama unanunua msimu huu, nipe stoo moja tu nikupimie bure mbele yako. Tuachiane namba?"

Hapo hakuna digrii, hakuna "nina shauku". Chuo utakitaja ukiulizwa. Kuna mahali, kuna shida ambayo mwenye mashine anaitambua, kuna kazi yenyewe, na kuna ombi dogo ambalo mtu anaweza kulikubali akiwa amesimama. Ombi likiwa kubwa, mfano "naomba tushirikiane", hajui akubali nini. Yasome kwa sauti huku simu inahesabu, tena ukiwa umesimama, na ile 13.5 itamke "kumi na tatu nukta tano" ujue inakula muda. Mkiwa ana kwa ana na mzee, shikamoo na habari za kazi zije kwanza bila haraka, hizo hazimo kwenye sekunde 30, ukizibana anaona huna adabu na kilichobaki hakisikii.

Cha kubeba: kipima unyevu chenye betri mpya, na bambo, ile ya kuchoma gunia uchomoe sampuli, kama unayo ya kwako, maana ukiambiwa "twende stoo yangu ipo hapo nyuma" usianze kuazima. Hakikisha kipimo kimewekwa upande wa mahindi, na usipime mahindi yaliyotoka juani sasa hivi yakiwa ya moto, majibu yanadanganya. Chomoa sampuli magunia kadhaa, juu, katikati na chini, siyo lile la mlangoni peke yake. Beba na chupa kavu ya kioo yenye chumvi kavu kidogo: weka mahindi, tikisa, uache kama dakika 15, chumvi ikiganda kwenye chupa basi unyevu umepita kama asilimia 15. Haikupi namba kamili, na chumvi isipoganda haimaanishi umefika 13.5, ila mtu anaona kwa macho yake.

Ukipata namba za simu, andika pembeni ya kila jina ulichoahidi, afu usiku huohuo tuma meseji: wewe nani, mmekutana wapi, stoo ipi, unakuja siku gani na saa ngapi.