Jinsi ya kuomba swali la vitoroli vinavyogongana lisahihishwe upya

Mwongozo huu ni kwa watahiniwa wa kujitegemea wanaosoma fizikia kwenye vituo vya hapa Tabora, hasa mnaotoka Urambo, Sikonge na Nzega na kupokea maswali ya majaribio kwa picha za simu. Unahusu ombi moja tu: kusahihishiwa upya swali la vitoroli viwili, pale jibu lako linapopishana na la msahihishaji kwa sababu ya mshale usioonekana vizuri pichani. Ombi langu la mwanzo lilirudishwa, nililopeleka baadaye likakubaliwa. Kilichoongezeka katikati ni hesabu ya nishati, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Fomu yenyewe haina shida. Unaipata kwa mwalimu wa taaluma, unajaza namba yako ya mtahiniwa, somo, namba ya swali na alama ulizopewa. Sehemu ya sababu ina mistari michache tu, usijaribu kubana hesabu humo. Andika "tazama kiambatisho", kisha hesabu uziweke kwenye karatasi yake.

Picha ndiyo inayohitaji uangalifu. Usichapishe ile iliyozungushwa kwenye kundi la Wasapu, maana kila inapotumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na vinavyopotea mwanzo ni vitu vidogo: nukta ya desimali na ncha ya mshale. Mwombe aliyeipiga akutumie kama faili, au mpige upya karatasi ile ile mkiwa juani, simu ikiwa juu yake moja kwa moja, bila kuwasha mwanga wa simu. Steshenari wakikuchapishia, linganisha nakala na skrini kabla ya kulipa.

Sasa swali lenyewe. Mchoro una sehemu mbili. Sehemu ya juu ni kabla ya mgongano: kitoroli A chenye tungamo la 2.0 kg kiko kushoto, na mshale wake unaelekea kulia kwa 3.0 m/s. Kitoroli B chenye 1.0 kg kiko kulia kwake, kimeandikwa 1.5 m/s, lakini mshale wake umepita kwenye mkunjo wa karatasi na ncha haionekani. Sehemu ya chini ni baada ya mgongano: A kinaendelea kulia kwa 0.5 m/s, na B kinaelekea kulia kwa kasi v. Swali linataka v, na kiasi cha nishati ya mwendo kilichopotea.

Sisi wengi tulichukulia kwamba B kilikuwa kinakuja kushoto, kukutana na A. Msahihishaji alichukulia kwamba B kilikuwa kinatangulia kulia na A kikakifikia kwa nyuma. Tukichagua kulia kuwa chanya, hesabu zetu ni hizi:

B kikija kushoto: (2.0 × 3.0) − (1.0 × 1.5) = 4.5 kg m/s
Baada: (2.0 × 0.5) + 1.0v = 4.5, hivyo v = 3.5 m/s

Za msahihishaji ni hizi:

B kikienda kulia: (2.0 × 3.0) + (1.0 × 1.5) = 7.5 kg m/s
Baada: (2.0 × 0.5) + 1.0v = 7.5, hivyo v = 6.5 m/s

Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama, langu la mwanzo likiwemo. Nilikuwa nimeeleza kwamba momenta ni kitu chenye mwelekeo, kwamba alama ya kutoa ni lazima, na kwamba jumla ya momenta kabla na baada lazima ilingane. Nilipofika ofisini nikamwamkia mwalimu, "Shikamoo." "Marahaba, kaa," akasema, akaifungua karatasi yangu na kuiweka sambamba na mwongozo wa kusahihishia.

"Hapa kwako momenta imehifadhiwa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na hapa kwenye mwongozo?"

Nikatazama. Saba nukta tano juu, saba nukta tano chini. Imehifadhiwa vile vile.

"Sasa mwanangu, sababu ya kubadilisha ni ipi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Kanuni ya momenta haiwezi kukuambia mshale ulikuwa unaelekea wapi. Ukiipa mwelekeo wowote, itakutafutia v inayofanya pande mbili zilingane, hata kama mgongano wenyewe hauwezekani. Kwa hiyo ombi linalosimama kwenye momenta peke yake linamwachia msahihishaji aamue kwa macho, na macho yake yameshaamua.

Nishati ya mwendo inafanya kazi tofauti. Kwa kuwa kasi inazidishwa yenyewe kwa yenyewe, alama ya kutoa inatoweka, na mwelekeo wa B kabla ya mgongano hauna athari kwenye jumla. Iwe B kilikuja kushoto au kilikwenda kulia, nishati kabla ya mgongano ni ile ile:

½ × 2.0 × 3.0² + ½ × 1.0 × 1.5² = 9.0 + 1.125 = 10.125 J

Hiki ni kipimo ambacho wewe na msahihishaji hamwezi kubishania, maana hakitegemei ile ncha iliyofutika. Kiandike mwanzo kabisa kwenye kiambatisho chako. Halafu pima majibu yote mawili:

v = 3.5: ½ × 2.0 × 0.5² + ½ × 1.0 × 3.5² = 0.25 + 6.125 = 6.375 J
v = 6.5: ½ × 2.0 × 0.5² + ½ × 1.0 × 6.5² = 0.25 + 21.125 = 21.375 J

Jibu la kwanza linapoteza 3.75 J. Hilo ni jambo la kawaida: vitoroli vinapogongana, sehemu ya nishati huenda kwenye sauti, joto na kubonyea kwa vile vibao vya mbele. Jibu la pili linatoka kwenye mgongano likiwa na nishati zaidi ya mara mbili ya ile iliyoingia. Vitoroli viwili vinavyogongana mezani havina pa kuchota jouli hizo 11.25 za ziada. Mshale wa kulia umekataliwa na namba zilizoandikwa kwenye mchoro wenyewe.

Kabla hujaandika hivyo, kagua jambo moja kwenye picha. Vitoroli vingine vya maabara vina springi iliyobanwa mbele, ambayo hufyatuka vinapogusana. Hapo nishati ya mwendo inaweza kuongezeka kihalali, kwa sababu springi ilikuwa imehifadhi nishati kabla. Kama mchoro unaonyesha springi, au maelezo ya swali yanaitaja, hoja hii haisimami. Kwenye swali letu haikuwepo, nami niliandika hivyo wazi: "Mchoro hauonyeshi springi wala chanzo kingine cha nishati." Mwalimu alipitisha kalamu chini ya sentensi hiyo kabla ya kuendelea kusoma.

Kinachotia nguvu zaidi ni kuonyesha kwamba kasi ya A baada ya mgongano ingetosha peke yake kutambua mwelekeo wa B. Unatafuta mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni vitoroli kunasana na kwenda pamoja, kama mabehewa yanavyounganishwa hapa stesheni ya Tabora, reli ya Mwanza na ya Kigoma zinapoachana. Hapo upotevu wa nishati ndio mkubwa kuliko wote unaowezekana. Mpaka wa pili ni mgongano nyumbufu, ambao haupotezi nishati ya mwendo hata kidogo. Katika mgongano huo kasi ya vitoroli kuachana ni sawa na kasi iliyokuwa ya kukaribiana. Mgongano wowote usio na springi iliyobanwa uko kati ya mipaka hiyo.

Kama B kilikuja kushoto, vilikuwa vinakaribiana kwa 4.5 m/s. Vikinasana, vyote vinakwenda 4.5 ÷ 3.0 = 1.5 m/s. Visipopoteza chochote, A kinasimama kabisa na B kinaondoka kwa 4.5 m/s, zidisha uone, nishati inarudi 10.125 J ile ile. Kwa hiyo kasi ya A lazima iwe kati ya 0 na 1.5 m/s.

Kama B kilikuwa kinatangulia kulia, A kilikuwa kinakikaribia kwa 1.5 m/s tu. Vikinasana, vinakwenda 7.5 ÷ 3.0 = 2.5 m/s. Visipopoteza chochote, A kinabaki na 2.0 m/s na B kinapata 3.5 m/s. Kwa hiyo kasi ya A lazima iwe kati ya 2.0 na 2.5 m/s.

Mchoro umeandika 0.5 m/s. Namba hiyo imo katika nafasi ya kwanza na iko mbali na ya pili. Mgongano laini wa kumfikia mwenzako kwa nyuma hauwezi kukipunguza A kiasi hicho. Nafasi hizi mbili hazigusani, na ndiyo maana swali hili linaamulika hata bila ncha ya mshale.

Msahihishaji anaweza kurudi na hoja kwamba huenda nukta ya 0.5 ndiyo yenye shaka, kwamba pengine ni 5. Jibu hilo mapema. A kikiwa na 5 m/s kulia, kwa mshale wa kushoto B kingepata 4.5 − 10 = −5.5 m/s, yaani A kinakwenda kulia na B kinakwenda kushoto baada ya mgongano, ilhali A ndicho kilichokuwa upande wa kushoto. Vingekuwa vimepenyana. Kwa mshale wa kulia unapata −2.5 m/s, na kasoro ni ile ile. Akisema pengine mshale wa A chini ulielekea kushoto, weka −0.5: kwa mshale wetu B inapata 5.5 m/s na nishati inafika 15.375 J, kubwa kuliko iliyoingia.

Yote haya yaweke kwenye ukurasa mmoja: 10.125 J juu, majibu mawili chini yake, sentensi ya springi, kisha nafasi mbili za kasi ya A. Andika vizio kila mstari, kg m/s kwa momenta na J kwa nishati, kwa sababu kizio kinachokosekana kinampa msomaji sababu ya kusimama pasipotakiwa. Usieleze kanuni ya tatu ya Nyutoni wala msuguano wa meza. Ni kweli kani za nje zikiwa ndogo momenta haibadiliki, lakini hilo halibishaniwi hapa.

Unapokabidhi, omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na iwekwe tarehe. Ombi likikubaliwa, muulize mwalimu wa taaluma kama mwongozo wa kusahihishia umebadilishwa pia, au ni alama zako tu. Kwetu zilirekebishwa kwanza za aliyeomba peke yake, na wenzetu waliopata 3.5 m/s wakabaki na sifuri ya swali lile mpaka kila mmoja alipoleta fomu yake. Kama una namba za wenzako wa kundi, watumie ukurasa wako siku hiyo hiyo, kama faili.