Kubadili rangi ya gauni pichani bila kupoteza mikunjo na vivuli

Mwenye duka analeta gauni moja jekundu la pamba, limevalishwa sanamu na kupigwa picha vizuri mbele ya ukuta mweupe. Dukani lipo pia la manjano ya haradali na la nevi bluu, mshono uleule, na hataki kulipia picha upya kwa kila rangi. Kazi hii inafanyika, na mteja akipokea mzigo ataona rangi ileile aliyoagiza, mradi tusiende njia ya mkato ya kuvuta Hue peke yake.

Hue inabadilisha aina ya rangi tu, ilhali vitambaa vinatofautiana pia kwa uang'avu. Haradali ni angavu kuliko wekundu huu, na nevi ni nzito zaidi. Ukimwaga haradali juu ya gauni jekundu kwa mtindo wa Color, programu inashika uang'avu wa wekundu wa chini, na manjano yenye giza macho huyaona kuwa kahawia. Ndiyo maana gauni linatoka na rangi ya udongo, nawe unabaki kuhangaika na Saturation bila mafanikio. Dawa ni kulifanya gauni liwe la kijivu kwanza, kuupanga uang'avu wa kijivu hicho, kisha ndipo kulivika rangi. Hapa natumia Photoshop. Asiyekuwa nayo anaweza kufuata hatua hizihizi kwenye Photopea, inayofunguka bure kwenye kivinjari, ingawa baadhi ya majina ya menyu yanatofautiana kidogo.

1. Pata rangi ya kweli ya kitambaa. Siku ya kupiga picha, tundika vipande vya haradali na nevi pembeni ya gauni, chini ya taa zilezile, utavikata baadaye. Chagua Eyedropper, weka Sample Size kwenye 11 by 11 Average ili usinase uzi mmoja mmoja, kisha bofya sehemu ya kitambaa iliyopata mwanga wa wastani. Kwenye kazi hii haradali ilisoma `D9A21B`, yaani R 217, G 162, B 27. Nevi ilisoma `1F2A50`, yaani R 31, G 42, B 80.

Sasa tafuta uang'avu wa kila rangi kwa hesabu ambayo mtindo wa Color unaifuata:

```
0.30 × R + 0.59 × G + 0.11 × B
```

Haradali inatoa 164 na nevi 43. Gauni lenyewe, kwenye mwanga wa wastani, lilisoma R 176, G 30, B 46, ambayo ni takribani 76. Pengo kati ya 76 na namba hizo mbili ndilo lililokuwa likiharibu rangi.

2. Tenga gauni. Tumia Quick Selection, kisha ondoa vifungo, lebo ya shingoni na shingo ya sanamu. Ndani ya Select and Mask weka Feather ya pikseli 0.5, na usogeze Shift Edge upande wa kujumlisha kidogo tu. Maski ikiishia ndani ya ukingo, uzi mwembamba mwekundu utabaki kulizunguka gauni zima, na juu ya ukuta mweupe hautajificha. Tengeneza kundi la leya na uipe kundi hilo maski hii. Kila kinachofuata kinaingia humo ndani, nalo kundi libaki kwenye Pass Through.

3. Geuza gauni kuwa kijivu. Ongeza leya ya Black & White. Usiiache kama ilivyo, na usitumie Desaturate. Kwenye gauni jekundu, maelezo safi ya mikunjo yamo kwenye chaneli nyekundu. Kijani na bluu zina mwanga kidogo sana, na humo chengachenga ni nyingi. Pandisha kitelezi cha Reds hadi sehemu uliyosoma 176 ifike karibu na 170 ya kijivu. Utaona mikunjo ya kiunoni ikijitokeza laini, bila vumbi.

Kuna picha ambazo hili haliwezekani. Fungua paneli ya Channels utazame Red peke yake. Kama mabega ni meupe pe, 255 kila mahali, taa zilizidi na mikunjo ya hapo haimo tena kwenye chaneli hiyo. Shusha Reds ujaribu tena, na ikishindikana, omba picha nyingine.

4. Panga uang'avu kwa Curves. Hapa ndipo kazi ilipo. Kwa haradali, weka nukta yenye Input 170 na Output 164, basi. Mstari unabaki karibu umenyooka, na mikunjo haiguswi.

Nevi inataka uangalifu. Ukiweka nukta ya Input 170 na Output 43 ukaacha ncha ya juu ilipo, mstari utapaa ghafla kwenda 255, na kila penye mwanga patameta kama plastiki. Ishushe ncha ya kulia pia. Kitambaa cheusi hurudisha sehemu ndogo ya mwanga uleule, kwa hiyo mstari ulionyooka toka sifuri, ukipita 43, unafika karibu 64. Mimi huuinua hadi 75 au 80, kwa sababu nyuzi za kitambaa kizito bado hung'aa kidogo juujuu. Ukizidisha, pamba inageuka satini, na mteja atadai satini.

5. Vika rangi. Juu ya Curves weka Solid Color, andika `D9A21B`, na mtindo wa leya uwe Color. Pima tena kwa Eyedropper palepale kwenye gauni ulipopima mwanzo. Namba zikikaribiana na za kipande, uko sawa. Kwa nevi, nakili kundi zima, ulifiche lile la haradali, kisha kwenye nakala ubadilishe Curves na rangi tu, maski ibaki ileile.

Sasa sogea karibu, asilimia 100, utazame ndani ya mikunjo ya haradali. Manjano yakiingia kivulini kwa Color huelekea kijani cha zeituni, ilhali kwenye kitambaa halisi huelekea kahawia yenye joto, kwani kunjo moja humulika nyingine kwa rangi yake. Ongeza Solid Color ya pili yenye rangi ya moto zaidi, kama `C07A10`, nayo kwenye Color. Fungua Blending Options, na kwenye Underlying Layer vuta alama ya kulia ili leya ionekane kwenye giza tu. Shika Alt uigawe alama hiyo, nusu moja iwe karibu 90 na nyingine 130, ili mpito uwe laini. Shusha Opacity hadi vivuli viache ukijani.

6. Futa wekundu uliotapakaa. Gauni jekundu hupaka wekundu kwenye shingo nyeupe ya sanamu na ukutani chini ya pindo. Wengi husahau hili, na ndilo linaloumbua picha. Nje ya kundi, weka Hue/Saturation, Saturation iwe -100, jaza maski yake nyeusi, kisha paka kwa brashi laini nyeupe pale tu penye wekundu. Kivuli chenyewe usikifute, kwa sababu bila hicho gauni litaelea.

Hifadhi PSD, kisha toa JPEG kwa Export As ukiwa umeweka tiki Convert to sRGB. Ifungue kwenye simu, mwangaza wa kioo ukiwa wa kati, ushike kipande cha kitambaa pembeni yake karibu na dirisha. Nevi ikionekana nyeusi tii na mikunjo imepotea, rudi kwenye Curves upandishe ile 43 hadi 50.