Kompyuta imegoma na maandishi yote Kijerumani: soma mstari mmoja tu

Mdogo wangu anasoma Leipzig, juzi kanitumia picha wasapu usiku wa manane, skrini ya laptopu yake bluu tupu, uso wa huzuni juu na maneno ya Kijerumani chungu nzima. Ananiambia kaka hii imekufa, naomba niifute yote nianze upya. Nikamwambia usiguse kwanza, nisomee mstari wa chini kabisa.

Wengi hawajui kwamba Windows iwe ya Kijerumani, Kituruki au Kijapani, msimbo wa kosa hautafsiriwi. Pale juu anaposoma "ein Problem aufgetreten" ni maelezo tu kwamba kuna tatizo limetokea na kompyuta itajiwasha upya, hayo hayakusaidii kitu hata ungekuwa profesa wa lugha. Unachotaka ni kale kaneno ka herufi kubwa zenye vistari chini, kwenye Kijerumani mara nyingi kanatanguliwa na neno Stillstandcode. Kake kalikuwa MEMORY_MANAGEMENT. Na ukiona jina la faili linaloishia na .sys, nalo lipige picha, mfano nvlddmkm.sys ni draiva ya kadi ya picha ya Nvidia. Kuanzia 2025 Windows 11 iliyopata apdeti mpya inaonyesha skrini nyeusi badala ya bluu na uso wa huzuni haupo tena, lakini msimbo bado upo.

Asilimia zikiwa zinapanda, ziache zifike 100, maana hapo inahifadhi kumbukumbu ya ajali ambayo fundi anaweza kuisoma baadae. Zikikwama muda mrefu sana ndo ushikilie kitufe cha kuzimia mpaka izime. Alafu kitu kingine, skrini ya kweli haina namba ya simu. Ukiona "Microsoft Support" na namba ya kupiga, hiyo ni tovuti ya matapeli imejaza skrini yako, bonyeza Alt+F4, ikigoma Ctrl+Shift+Esc uifunge brauza, na usimpigie mtu.

Turudi kwa dogo. Nilimuuliza swali moja tu, umebadilisha nini siku za karibuni? Akasema wiki ilopita aliongeza kipande cha RAM alichonunua mtumba, na tangu siku hiyo inazima mara mbili tatu kwa siku, kila mara msimbo ni MEMORY_MANAGEMENT. Msimbo huo wakati mwingine huletwa na draiva mbovu, lakini ukijumlisha na hicho kipande kipya, nilianza na RAM. Laptopu ilikuwa inawaka vizuri kwa muda, kwa hiyo nikamwambia kwanza anakili thesisi yake kwenye flashi, alafu abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike:

```
mdsched.exe
```

Inatokea chaguo, la kwanza linaanza na "Jetzt neu starten", yaani iwashe upya sasa hivi ipime. Inachukua dakika kadhaa mpaka zaidi ya nusu saa kulingana na ukubwa wa RAM, iache tu. Ilikuta kosa. Akazima kabisa, akachomoa chaja, akafungua mfuniko wa chini, akatoa kile kipande kipya, akawasha na cha zamani peke yake. Akapima tena, safi, na mpaka leo haijazima. Kipimo hiki hakikamati kila ubovu, kwa hiyo kikisema safi na bado inagoma, jaribu kipande kimoja kimoja.

Sasa kama yako haiwaki kabisa, baada ya kushindwa mara kadhaa yenyewe huleta menyu ya bluu. Hapa ndipo watu wanapoteza mafaili yao kwa kubonyeza wasichokielewa. "Problembehandlung" ni kutatua tatizo, ingia hapo, alafu "Erweiterte Optionen", alafu "Starthilfe" ambayo inajaribu kurekebisha kuwaka bila kugusa mafaili yako. Ikiwa shida ilianza baada ya apdeti, hapo hapo kuna "Updates deinstallieren", inatoa apdeti ya mwisho. Usiguse "Diesen PC zurücksetzen" usiku huohuo. Ndani yake kuna "Eigene Dateien beibehalten", inabakiza mafaili lakini programu ulizoweka zinaondoka, na "Alles entfernen", hiyo inafuta kila kitu.

Njiani ikikuomba "Wiederherstellungsschlüssel" wa tarakimu 48, huo ni ufunguo wa BitLocker, diski imefungwa. Usibahatishe, kwa simu yako fungua aka.ms/myrecoverykey, ingia na akaunti ya Microsoft uliyotumia kwenye laptopu hiyo, tafuta ule unaolingana na utambulisho ulioonyeshwa kwenye skrini. Kama laptopu ni ya kazini au chuo mara nyingi ufunguo uko kwa watu wao wa IT, wapelekee picha ya msimbo uliopiga mwanzo.