Kabla hujaandika x = √(2 + x): mambo ya kuhakikisha kwanza

Ukikutana na √(2 + √(2 + √(2 + …))), kishawishi ni kuiita yote x, kuandika x = √(2 + x), kisha kutoa jibu 2. Jibu hilo ni sahihi, lakini kazi haijakamilika. Ulipoandika x ulikuwa umeshadai kwamba namba hiyo ipo, na hakuna mahali ulipoonyesha kuwa ipo.

Anza kwa kuziondoa zile nukta tatu. Peke yake hazina maana. Maana yake unaipa wewe kwa mfuatano. Andika neno la kwanza, a₁ = √2, na kanuni ya kupata linalofuata, aₙ₊₁ = √(2 + aₙ). Thamani ya kile kipeuo kirefu ni kikomo cha mfuatano huu, kama kikomo kipo. Usisahau kuandika neno la kwanza. Wengi huliruka, na huko mbele utaona linavyoweza kuamua kila kitu.

Hakikisha kila neno linahesabika: hakuna namba hasi chini ya alama ya kipeuo, hakuna sifuri kwenye asili ya sehemu.

Tafuta dari. Hapa dari ni 2: a₁ iko chini ya 2, na kama aₙ iko chini ya 2, basi 2 + aₙ iko chini ya 4, kwa hiyo kipeuo chake, aₙ₊₁, nacho kiko chini ya 2. Hatua moja inabeba zote zinazofuata.

Onyesha mfuatano unapanda. Toa miraba, usitoe vipeuo: aₙ₊₁² − aₙ² = 2 + aₙ − aₙ² = (2 − aₙ)(1 + aₙ). Mabano ya pili ni chanya kwa kuwa maneno yote ni chanya, na ya kwanza ni chanya kwa sababu ya dari uliyokwisha kuithibitisha, ndiyo maana dari hutangulia. Mfuatano wa namba halisi unaopanda na wenye dari lazima uwe na kikomo. Sasa ndipo una ruhusa ya kuandika x = √(2 + x). Unapata x² − x − 2 = 0, yaani 2 au −1, na −1 unaitupa kwa kuwa maneno yote ni chanya. Ukipiga hesabu utaona 1.4142, 1.8478, 1.9616, 1.9904: umbali hadi 2 unapungua hadi karibu robo yake kila hatua.

Sasa jambo ambalo watu huliona ni la kupoteza muda mpaka liwaangushe. Badilisha alama moja tu: √(1 − √(1 − √(1 − …))). Fuata ile njia ya mkato: x = √(1 − x), x² + x − 1 = 0, na jibu chanya ni (√5 − 1)/2, takriban 0.618. Ni namba nzuri, chanya, iko kati ya 0 na 1, na inatimiza mlinganyo wenyewe. Hakuna kitu kwenye karatasi kinachokuonya. Lakini hesabu mfuatano. Ukikata kipeuo kwenye alama ya kwanza unapata b₁ = √1 = 1. Kinachofuata ni √(1 − 1) = 0. Halafu √(1 − 0) = 1. Halafu 0. Mfuatano ni 1, 0, 1, 0 bila mwisho, na hauikaribii 0.618 hata kidogo. Kikomo hakipo. Mlinganyo ulijibu swali tofauti: kama kikomo kingekuwepo, kingekuwa namba gani?

Ukitaka kujua kwa nini, pima umbali. Iite 0.618 g, ambapo g² = 1 − g. Kwa kuwa bₙ₊₁² − g² = g − bₙ, umbali mpya ni umbali wa zamani ukigawanywa kwa (bₙ₊₁ + g). Neno jipya likiwa 1, unagawanya kwa 1 + g, na umbali unapungua. Neno jipya likiwa 0, unagawanya kwa g peke yake, na umbali unakua. Zidisha vigawanyo viwili: g(1 + g) = g + g² = 1. Yaani kila kinachopatikana kwenye hatua moja kinapotea chote kwenye hatua inayofuata.

Na kanuni yenyewe haina kosa. Anza na 0.5 badala ya 1 na utapata 0.7071, 0.5412, 0.6774, 0.5680, 0.6573: maneno yanaruka juu na chini ya g huku yakiisogelea. Kwa kweli mwanzo wowote ulio kati ya 0 na 1, ukiacha 0 na 1 zenyewe, unafika g. Ila kipeuo kilichoandikwa hakikukupa nafasi ya kuchagua 0.5. Kukikata kunakupa 1.

Kuruka juu na chini peke yake si ushahidi wa kukosa kikomo. Chukua sehemu 1 + 1/(1 + 1/(1 + …)), yaani c₁ = 1 na cₙ₊₁ = 1 + 1/cₙ. Maneno ni 1, 2, 3/2, 5/3, 8/5, 13/8. Hayapandi wala hayashuki mfululizo, kwa hiyo usijaribu ile hoja ya dari, itakukwama. Tumia umbali. Mlinganyo x = 1 + 1/x una jibu chanya moja, (1 + √5)/2, takriban 1.618, liite p, na kwa sasa ulichukulie kama mtahiniwa tu. Toa p = 1 + 1/p kutoka kwa cₙ₊₁ = 1 + 1/cₙ na unapata kwamba umbali wa cₙ₊₁ hadi p ni umbali wa cₙ hadi p ukigawanywa kwa (cₙ × p). Kila cₙ haipungui 1, kwa hiyo kigawanyo hakipungui 1.618 kamwe. Umbali unakwenda sifuri, na mstari huo mmoja umethibitisha mambo mawili: kikomo kipo, na ni p. Mahali palipoharibika kwa √(1 − …) ni hapa hapa, kwa kuwa kule kigawanyo kilishuka chini ya 1 kila baada ya hatua moja.

Ongeza uangalifu pale namba za ndani zinapobadilika, kama kwenye kipeuo cha Ramanujan, √(1 + 2√(1 + 3√(1 + 4√…))). Thamani yake ni 3, na watu huionyesha kwa 3 = √(1 + 2·4), 4 = √(1 + 3·5), 5 = √(1 + 4·6), na kuendelea. Lakini kwa mtindo huo huo unaweza kuandika 4 = √(1 + 2·(15/2)), kisha 15/2 = √(1 + 3·(221/12)), bila kukwama popote, na ukadai jibu ni 4. Kufungua namba hatua kwa hatua hakutoshi. Lazima uonyeshe kwamba mkia unaoutupa unapokata kipeuo hauathiri kitu tena kadiri unavyokata mbali zaidi. Kwa 3 hilo linathibitika. Kwa 4 haliwezekani, kwa sababu mkia wake unakua haraka kuliko vipeuo vinavyoweza kuufifisha.