Tarehe ya Mwisho Moja, Makundi Mawili: Jinsi ya Kuiandika kwa Marafiki na kwa Timu ya Kazini

Tuchukue mfano ambao kwa sisi tunaoratibu mambo hapa Dar es Salaam hujirudia mara kwa mara. Kundi lako la marafiki wa kukimbia Jumamosi asubuhi linataka fulana, na idara yako kazini nayo inataka fulana kwa ajili ya bonanza. Mchapaji wa Kariakoo amekubali kupunguza bei iwapo oda zote mbili zitaingia pamoja, na amesema wazi kwamba anahitaji orodha ya saizi na fedha Alhamisi jioni ili fulana ziwe tayari Jumamosi. Muda ni mmoja kwa wote. Maneno ya kuutangaza hayawezi kuwa yale yale.

Hatua ya kwanza: andika ukweli wa muda huo kwa ajili yako mwenyewe

Kabla hujafungua kundi lolote, andika pembeni mambo manne: kinachotakiwa, saa kinapotakiwa, sababu ya saa hiyo, na kitakachompata atakayechelewa. Kwa mfano wetu ni hivi: saizi na shilingi 15,000 kwa kila mtu, Alhamisi tarehe 16 Julai 2026, saa kumi jioni, mchapaji anapokea oda saa kumi na mbili jioni siku hiyo hiyo, atakayechelewa hatapata fulana ya Jumamosi. Zile saa mbili kati ya saa kumi na saa kumi na mbili ni zako za kujumlisha fedha na kusahihisha orodha, na huna haja ya kuzificha.

Wapo waratibu wanaowatangazia marafiki Jumatano na wafanyakazi wenzao Alhamisi, kwa imani kwamba marafiki huchelewa. Mimi sikubaliani na njia hiyo. Katika mji huu mtu mmoja huwa katika makundi yote mawili, na akishaona tarehe mbili, tarehe zako zote zinazofuata atazihesabu kuwa za kutishia tu. Badilisha maneno, lakini saa uiache ilivyo.

Hatua ya pili: ondoa utata wa saa na siku

Hapa ndipo tangazo huharibika zaidi, na huharibika kwa namna tofauti katika kila kundi. Ukiandika "Alhamisi saa 10:00" kazini, mwenzako anayeishi kwa kalenda ya kompyuta anaweza kuisoma kuwa saa nne asubuhi, huku mwingine akiisoma kuwa saa kumi jioni. Kwa hiyo kazini andika siku, tarehe, saa na kipindi cha siku, kisha uongeze namna inavyoonekana kwenye simu: "saa 10:00 jioni (16:00)". Kwa marafiki iandike kwa maneno, "saa kumi jioni", kwa sababu ndivyo wanavyoitamka, na tarakimu za 16:00 zingelifanya kundi lionekane kama ofisi.

Angalia pia maneno yanayotangulia siku. "Kabla ya Alhamisi" maana yake ni kwamba Jumatano ndiyo siku ya mwisho, ingawa waandikaji wengi hukusudia Alhamisi yenyewe. "Ndani ya wiki hii" huishia Ijumaa kwa mtu wa ofisini, lakini kwa marafiki huendelea hadi Jumapili usiku. Usemi ulio salama katika makundi yote mawili ni "mwisho ni Alhamisi, saa kumi jioni".

Hatua ya tatu: andika ujumbe wa marafiki

Kwa marafiki, sababu hutangulia na muda hufuata. Rafiki hana wajibu wa kukutii, lakini akijua kwamba mchapaji anasubiri na kwamba bei ya wote inategemea idadi, atatuma mapema.

> Jamani, habari za jioni. Fulana zetu tumepata bei nzuri Kariakoo, ila mchapaji anataka oda yote Alhamisi hii ili Jumamosi tukimbie tukiwa nazo. Kila mtu atume elfu kumi na tano kwenye namba yangu ile ile, kisha aandike jina na saizi kwenye orodha hapa chini. Mwisho ni Alhamisi saa kumi jioni, kwa hiyo tuma kabla hujaanza safari ya kurudi nyumbani. Baada ya hapo naipeleka oda, na atakayebaki tutamsubirisha hadi oda nyingine.

Kifungu cha safari ya kurudi nyumbani kina kazi yake. Anayening'inia kwenye daladala jioni hatoi simu kutuma fedha, na rafiki aliyepanga kutuma "nikitoka kazini" ndiye atakayetuma saa mbili usiku.

Hatua ya nne: andika ujumbe wa kazini

Kazini mpangilio hugeuka: muda hukaa juu kabisa, kwa sababu wengi husoma mstari wa kwanza tu wakiwa kikaoni. Epuka "mnaombwa kuwasilisha", kwani haisemi ni nani anayeomba wala wa kumpelekea, na kila mmoja atadhani mwenzake ndiye anayehusika.

> Habari za asubuhi. Mwisho wa kuagiza fulana za bonanza ni Alhamisi, tarehe 16 Julai 2026, saa 10:00 jioni (16:00). Naomba kila atakayehitaji anitumie saizi yake na Sh 15,000 kabla ya muda huo. Oda inapelekwa kwa mchapaji saa 12:00 jioni siku hiyo hiyo, hivyo majina yatakayofika baada ya saa 10:00 hayataweza kuingizwa. Asanteni.

Linganisha namna adhabu ilivyosemwa. Kwa marafiki ni "tutamsubirisha", yaani kundi linaendelea kumbeba; kwa wenzako wa kazi ni majina "hayataweza kuingizwa", bila kumtaja mtu, kwa sababu miongoni mwa wasomaji yumo mkuu wako, naye pia anaweza kuchelewa.

Hatua ya tano: soma majibu na ukumbushe

"Sawa" na dole gumba si saizi wala fedha. Kwa marafiki, "nitajitahidi" mara nyingi huwa njia ya adabu ya kusema kwamba fedha haipo, na mtu huyo afuatwe faragha. Mtu akiuliza "kwani mwisho lini?" saa chache baada ya tangazo, ujue muda umefukiwa chini ya mazungumzo; tuma tena mstari wa muda peke yake, usirudie ujumbe wote.

Kwa marafiki kumbusha Jumatano usiku, ukiweka orodha yenye alama kwa waliolipa, jambo tulilolizoea katika michango ya harusi. Kabla ya kuituma, ilinganishe na miamala ya simu yako, kwa sababu watu wawili wakinakili orodha kwa wakati mmoja, jina la mmoja hupotea bila yeyote kugundua. Kazini kumbusha mara moja, Alhamisi asubuhi, bila orodha ya wasiolipa. Aliyebaki mwandikie yeye peke yake, na akiwa ni mkubwa wako kicheo au kiumri, anza na salamu inayomstahili, kisha umwulize saizi badala ya kumtajia kuchelewa: "Shikamoo mama, naomba saizi yako ya fulana ili niiingize kabla ya saa kumi."

Saa kumi ikifika, andika katika makundi yote mawili, kwa dakika hiyo hiyo, kwamba orodha imefungwa na ni fulana ngapi zimeagizwa.