Sindano imekuchoma kazini? Jinsi ya kuripoti na kuomba PEP, hatua kwa hatua

Hii naiandikia manesi, watu wa maabara, madaktari wa intaneshipu na wahudumu wa usafi, ambao wanasahaulika sana halafu ndio wanaobeba mifuko yenye sindano alizotupa mtu mwingine. Ukishachomwa kuna utaratibu wa kuomba PEP, yaani dawa ya kukukinga na VVU, na utaratibu huo una saa yake, sasa wengi wanapoteza muda sio kwa kukosa dawa ila kwa aibu na kutojua waanzie wapi.

Tuchukue kisa kimoja tukifuate mpaka mwisho. Nesi yuko shifti ya usiku, saa nane na dakika kumi anamtoa damu mgonjwa, sefti boksi liko mwisho wa wodi na limejaa, kwa hiyo anajaribu kuirudishia sindano kifuniko ili atembee nayo. Inateleza, inapita glavu, inaingia kidole gumba cha kushoto na damu inatoka. Mgonjwa yuko kwenye ARV.

Kwanza kidonda. Vua glavu, nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, basi. Usikamue kidole, usinyonye, usimwagie jiki wala spiriti kali, maana unaiunguza ngozi na kuzidisha jeraha. Kama damu imeruka machoni suuza kwa maji safi au drip ya chumvi kwa dakika kadhaa, lenzi kama unavaa zitoe. Ukishanawa angalia saa uandike popote hata kwenye kiganja, hiyo ndo saa ya tukio na kila kitu kinahesabiwa kuanzia hapo.

Pili, sema. Mwambie inchaji wa shifti au daktari wa zamu hapohapo, usingoje asubuhi. Nesi wetu alimwambia mwenzake na jibu likawa, "Sista, we nawa tu, malizia shifti kwanza." Usikubali hiyo. PEP inatakiwa ianze ndani ya saa chache, mwisho kabisa ni saa 72, lakini watu wameigeuza hiyo 72 ikawa kama ofa, eti bado nina siku tatu. Hapana, kila saa inayopita kinga inapungua, 72 ni ukuta sio ratiba.

Tatu, omba dozi ya kwanza kabla ya majibu. Hapa ndo wengi wanakwama, wanaambiwa subiri maabara ifunguliwe. Damu yako itachukuliwa ndio, lakini kidonge cha kwanza hakisubiri majibu. Sehemu nyingi sasa hivi kinachotolewa ni tenofovir, lamivudini na dolutegravir ndani ya kidonge kimoja, kwenye kopo kimeandikwa TLD, unameza kimoja kwa siku kwa siku 28. Usiku kama kliniki ya ARV imefungwa uliza emajensi au famasia ya zamu. Kama una mimba au unahisi unayo sema, haikuzuii kupata dawa. Kama una shida ya figo sema pia, kwa sababu ya tenofovir. Na kama unameza vidonge vya chuma, kalsiamu au dawa za kiungulia, dolutegravir imeze saa 2 kabla yake au saa 6 baada, vinginevyo haiingii vizuri mwilini. Nesi wetu alimeza cha kwanza saa tisa kasoro, hiyo ni safi sana.

Nne, vipimo vyako. VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na figo. Elewa kitu kimoja hapa, kipimo cha leo hakiwezi kuonyesha maambukizi ya leo. Kinaonyesha ulikuwaje kabla ya kuchomwa, na ndio ushahidi wako kwamba ukija kukutwa na kitu baadaye ulikipata kazini. Ukikataa kupima leo huko mbele hutakuwa na cha kuonyesha.

Watu wanaogopa VVU tu, kumbe kwa hesabu homa ya ini B ndio mbaya zaidi kwa asiye na kinga. Sindano 1000 zenye damu ya VVU bila dawa ya kinga zinaambukiza watu kama 3, wakati za homa ya ini B zinaweza kufika 60 mpaka 300 kwa wasiochanjwa. Kwa hiyo fomu ikiuliza chanjo usiandike "ndiyo" tu, andika umepata dozi ngapi kati ya 3. Nesi wetu alikuwa na 2. Anamaliziwa ya tatu siku hiyohiyo, na kama mgonjwa angekutwa na homa ya ini B angehitaji pia sindano ya kingamwili, ikiwezekana ndani ya saa 24. Homa ya ini C haina dawa ya kuzuia, unafuatiliwa tu, ukiipata inatibika.

Na kama kipimo kikionyesha wewe mwenyewe una homa ya ini B, siku ya 28 usiache TLD kienyeji. Dawa mbili kati ya hizo tatu zinaikandamiza pia homa ya ini B, ukizikata ghafla ini linaweza kuwaka, kwa hiyo muone daktari kwanza.

Tano, mgonjwa chanzo. Anaombwa ridhaa apimwe, na anayemwomba asiwe wewe uliyechomwa. Kama anajulikana ana VVU ulizia anatumia dawa gani na kiwango cha virusi mara ya mwisho. Wa kwetu hakumbuki, homa ya ini B hana, basi dozi inaendelea. Sindano yenyewe usiitume maabara ikapimwe, haisaidii na inaweza kumchoma mwingine.

Sita, fomu ya tukio. Ijaze shifti hiyohiyo. Usiandike "nilichomwa na sindano" ukaishia hapo. Andika saa, sindano ya tundu au ya kushonea, ilitoka kwenye mshipa au la, damu ilionekana, kidonda kina kina gani, glavu ulivaa, dozi umemeza saa ngapi. Hivyo ndo vinavyopima hatari, sindano ya tundu iliyotoka mshipani ikaingia ndani sana ni habari nyingine kabisa na ya kushonea iliyokwaruza juu ya glavu.

Halafu sehemu ya chanzo cha tukio. Wengi wanajiandikia "uzembe wangu" kwa woga, mimi nilishafanya hivyo mwaka wangu wa kwanza na boksi likabaki palepale. Andika ilivyokuwa: boksi lilikuwa limejaa na liko mbali. Boksi linafungwa likifika robo tatu, halishindiliwi, na linatakiwa liwe karibu na mkono wako ili sindano iingie na bomba lake bila kurudishiwa kifuniko. Ukilazimika kufunika, laza kifuniko mezani ukichote kwa mkono mmoja.

Baada ya hapo unarudi kupima VVU wiki ya 6 na mwezi wa 3, homa za ini mpaka mwezi wa 6. Katikati tumia kondomu na usichangie damu. Kichefuchefu wiki ya kwanza kipo, usiache dawa kwa sababu hiyo, rudi waliokupa wakusaidie. Fomu ikishasainiwa omba nakala au ipige picha, mafaili ya wafanyakazi yanapotea kuliko ya wagonjwa.