Kuchapa Kiswahili pekee kutoka kwenye picha ya karatasi ya dawa

Tuchukue karatasi ya dawa ya malaria, ile ya artemetha na lumefantrini inayouzwa kwenye kemisti za Kisumu. Tuseme picha ina safu tatu: Kiingereza, Kifaransa, kisha Kiswahili, na katika safu hiyo ya tatu Kinyarwanda kinaanza chini ya Kiswahili bila mstari wa kutenganisha.

Kwanza nakili picha, uache ile ya awali ilivyo. Kwenye nakala, chora kisanduku chekundu kuzunguka Kiswahili kabla hujachapa neno lolote. Kupata mwanzo ni rahisi, kazi iko mwisho. Usitegemee "na" wala "ya", maana Kinyarwanda nacho kinayo. Tafuta neno la dawa na neno la kuchagulia. Kiswahili kina "dawa" na "au", Kinyarwanda kina "umuti" na "cyangwa", na kama karatasi yako ina Kiganda, hicho kina "eddagala" na "oba". Ukiona "c" isiyofuatwa na "h", na si ndani ya jina la dawa, umeshavuka mpaka.

Sasa kata picha ukingoni mwa kisanduku. Ukiipa programu ya kusoma maandishi picha nzima, huenda ikasoma mstari mmoja kukatiza safu zote tatu, na nusu ya sentensi ikawa Kifaransa.

Chapa mstari kwa mstari, ukiwa umezima masahihisho ya simu, la sivyo "homa" itageuka "home". Safu ni nyembamba, kwa hiyo maneno hukatwa: "usi-" juu, "mpe" chini. Yaunganishe yawe "usimpe". Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu "si" ikianguka kwenye mkunjo wa karatasi unabaki na "umpe", katazo limekuwa ruhusa na sentensi bado inasomeka vizuri. Silabi iliyofichwa na mkunjo usiikisie. Andika [haisomeki] na uombe picha nyingine.

Jina la dawa na "mg" ndani ya sentensi ya Kiswahili huachwa kama zilivyochapishwa. Lakini jedwali likiwa na vichwa vya Kiingereza tu, usilitafsiri. Weka [jedwali la Kiingereza] mahali pake uendelee. Saa pia usizigeuze: "saa 2 asubuhi" ibaki hivyo hivyo.

Mwisho linganisha tarakimu na safu ya Kiingereza. Kwa vidonge vya 20 mg/120 mg, mwenye kilo 35 au zaidi hunywa 4 kwa mara moja, mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Ukipata 21, huenda umesoma 4 kama 1 mahali fulani, basi rudi kwenye picha. Ikiwa karatasi yenyewe ndiyo iliyokosea, chapa kosa lilivyo, uweke alama kando. Kulirekebisha ni juu ya mfamasia.